Maji ya ziwa yenye dawa, na bado watoto wanaharisha

"Tuko Goma, tunachota Kivu. Kila bidoni natia kidonge cha klorini, lakini watoto bado wanaharisha. Nakosea wapi?"

Pole sana, mama. Anza na bidoni yenyewe. Ingiza kidole mdomoni mwake: ukigusa utelezi, huo unakula klorini kabla haijaua vijidudu. Tia changarawe, sabuni na maji kidogo, tikisa kwa nguvu, suuza vizuri.

Kidonge cha miligramu 67 kinatosha lita 20 za maji maangavu. Yakiwa na tope, yaache yatulie, yachuje kwa kitambaa safi, ndipo utie dawa. Funga, ngoja dakika 30, kisha nusa. Pasipo harufu hafifu ya klorini, dawa imeisha.

Kwangu kosa lilikuwa kikombe. Maji mazuri tulimimina kwenye beseni, na kila mtoto akachovya kikombe humo kwa mkono uliotoka chooni. Sasa tunamimina moja kwa moja kutoka bidoni, baada ya kunawa kwa sabuni. Sombe iliyolala pia ichemshwe tena mpaka itokote.

Mtoto akiharisha maji kama ya mchele, mpe maji ya chumvichumvi ya ORS na mkimbie kituo cha afya sasa hivi.