Kumfikia meneja mkuu wa hoteli bila kumzunguka katibu wake

Nimekaa pande zote mbili za meza hii. Kwanza nilikuwa msaidizi wa meneja mkuu katika hoteli moja ya ufukweni, baadaye nikahamia upande wa kuuza huduma kwa hoteli zile zile. Ninyi mnaoanza kazi ya mauzo hapa Unguja, nataka mwelewe msaidizi anafikiria nini simu yako inapoingia, kwa sababu wengi wanamchukulia kuwa kizuizi cha kuruka, na hapo ndipo wanapokosea njia.

Msaidizi hapimwi kwa idadi ya watu aliowazuia. Anapimwa kwa yule aliyemruhusu. Akimwingiza mtu aliyekuja kumpotezea bosi nusu saa, lawama ni yake. Kwa hiyo anataka kujua mambo matatu tu: wewe ni nani, unataka nini hasa, na je, jambo hili ni la meneja mkuu au la mtu mwingine. Ukimjibu hayo matatu kwa sentensi chache na za kweli, umeshampunguzia kazi. Ukimwambia "ni jambo binafsi" au "ananijua, mwambie tu nimepiga", atakwenda kuuliza, bosi atasema hamjui, na jina lako litabaki kwenye kumbukumbu yake kwa sababu mbaya. Sisi tulikuwa tunaambizana majina hayo, tena hata na wenzetu wa hoteli za jirani.

Chukua kisa cha kijana mmoja niliyemwelekeza, fundi wa viyoyozi mwenye kampuni ndogo mjini. Alitaka mkataba wa matengenezo na hoteli moja ya pwani ya mashariki yenye vyumba 60 hivi. Alikwenda mwenyewe, mwezi wa nane, saa tisa alasiri. Mlinzi wa getini akamuuliza ana miadi na nani, hana. Mlinzi akapiga redio mapokezi, akajibiwa kwamba meneja ana shughuli, basi. Jibu lile halikuwa dharau. Mwezi wa nane hoteli imejaa, na saa tisa ndiyo saa wageni wapya wanapopokelewa: mabasi ya uwanja wa ndege yanaingia, funguo za vyumba zinagawiwa, na malalamiko ya chumba kisichokuwa tayari yanamfika meneja mwenyewe. Hata angekuwa na bidhaa bora kuliko zote, saa ile hakuna wa kumsikiliza.

Tukaanza upya kwa simu. Hoteli nyingi wakuu wa idara hukutana na meneja asubuhi, na baada ya hapo wageni wanaoondoka wanalipa hesabu zao. Saa inayofaa kumpigia msaidizi ni pale kishindo hicho kinapopungua, karibu saa tano na nusu, kabla ya adhuhuri. Ijumaa usipige kabisa kuelekea mchana. Na Ramadhani ratiba za ofisi hubadilika, kwa hiyo uliza kwanza.

Maneno aliyoyasema yalikuwa hivi, na tuliyafanyia mazoezi mpaka yakatoka bila kusomwa: "Assalaam alaykum, Bi. Naitwa fulani, nina kampuni ya matengenezo ya viyoyozi hapa mjini. Meneja mkuu hanijui, hatujawahi kuzungumza. Nataka kupendekeza mkataba wa kuosha na kukagua mashine za nje kila miezi mitatu, kwa sababu chumvi ya bahari inazila mapema. Kabla sijaomba muda wake, naomba unisaidie: jambo kama hili kwenu analiamua yeye au fundi mkuu?"

Tazama sentensi ya "hanijui". Wengi wanaiogopa, kumbe ndiyo inayofungua mlango. Msaidizi anasikia uongo wa kujuana kila siku, na mtu anayeanza kwa kusema kweli juu yake mwenyewe anampa sababu ya kuamini yanayofuata. Na swali la mwisho si ujanja. Mara nyingi jibu litakuwa kwamba bosi si mtu wako, na kulijua hilo mapema kunawaokoa nyote watatu.

Ndivyo ilivyokuwa. Akaelekezwa kwa fundi mkuu, akakutana naye, wakazunguka nyuma ya vyumba vya ufukweni. Pale kuna kitu cha kuona kwa macho: mapezi ya alumini ya mashine za nje yalikuwa yamefanya unga mweupe, yakigusika yanabomoka kidoleni, na baadhi ya viungo vya mabomba vilikuwa na alama ya mafuta, dalili kwamba gesi inavuja. Fundi mkuu akakiri kwamba anahitaji msaada, lakini mkataba wa mwaka mzima hausaini yeye. Lazima upite kwa meneja mkuu na mhasibu.

Hapo kijana akauliza swali ninalotaka mlishike: "Naweza kumwambia katibu kwamba wewe ndiye uliyenielekeza?" Jina la mtu ni amana. Ukilitumia bila ruhusa, msaidizi atapiga simu ya ndani kuhakikisha, na ukikutwa umelitia chumvi umewapoteza wote wawili. Fundi mkuu akakubali.

Siku ile ile akamwandikia msaidizi barua pepe fupi, aya moja ambayo msaidizi angeweza kumpelekea bosi bila kubadilisha neno: nani ametuma, fundi mkuu ameona nini, kinachoombwa ni dakika 15, na uamuzi unaotakiwa ni kukubali au kukataa majaribio ya mashine 10. Msaidizi hana muda wa kukufupishia habari zako. Ukituma kurasa nyingi na picha, zitabaki pale pale zilipofika.

Jibu halikuja mara moja, na kimya ni sehemu ya kazi. Watu wetu wana haya kukataa usoni. Utaambiwa yuko kikaoni, amesafiri, atakupigia. Usipige kila siku. Piga mara moja, umpe nafasi ya kusema hapana: "Bi, nikipiga Jumatano nitakuta jibu, au bora niache mpaka msimu upungue?" Akikwambia uache, acha, na umuulize mwezi gani unafaa. Huyu aliambiwa arudi kabla ya masika, maana mwezi wa nne na wa tano hoteli nyingi hapa hupungukiwa wageni, baadhi hufunga kabisa, na matengenezo makubwa hupangwa wakati huo. Alirudi mwezi wa pili, akapewa dakika zake 15.

Ofisi za serikali njia ni nyingine kidogo: barua inaingia masjala, unagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, kisha unamfuatilia katibu muhtasi kwa kumtajia tarehe na kumbukumbu namba ya barua. Bila hayo unamtaka akatafute sindano.

Zawadi kwa msaidizi kabla ya miadi, usipeleke, hata iwe kanga au mfuko wa maembe. Inamweka pabaya mbele ya wenzake, na kwa mtumishi wa serikali inaweza kuwa kesi ya rushwa. Anachotaka ni kuambiwa kilichotokea. Baada ya kikao kijana alipita mezani kwake, akamwambia: "Tumemaliza kwa dakika 12, ameniambia nilete bei kwa mhasibu, nikishaleta nitakujulisha ili usiulizwe ukawa hujui." Alipopeleka bei alimpigia kama alivyoahidi. Mhasibu alipokaa na karatasi zile bila kujibu, msaidizi ndiye aliyemkumbusha.