Ankara isilale dukani: ninayowafundisha wahudumu wanaopokea mzigo

Mimi ni meneja wa fedha, na kila duka letu linapopata wahudumu wapya huwa naomba nusu saa nao kabla milango haijafunguliwa. Tunakaa stoo na ankara za kweli mezani. Siwafundishi uhasibu. Nataka washike jambo moja tu: ankara ikifika mikononi mwao, iondoke siku hiyohiyo kwenda kwa mhasibu, ikiwa imeambatana na ukweli wa mzigo uliopokelewa. Hapa naandika jinsi ninavyolieleza, kwa faida ya yeyote anayesimamia duka na kuchoshwa na simu za wasambazaji wanaodai pesa ambazo hakuna anayezielewa.

Huwa naanza kwa kuwaeleza mhasibu anafanya nini na karatasi zao. Kabla ya kulipa analinganisha vitu vitatu. Oda inamwambia tulitaka nini. Delivari noti inamwambia kilichofika. Ankara inamwambia tunadaiwa nini. Vyote vitatu vikikubaliana, analipa bila kumsumbua mtu. Sasa, oda anayo ofisini, na ankara imeandikwa na msambazaji. Lakini kilichofika kweli hakukiona. Aliyekiona ni yule aliyesimama mlangoni wakati katoni zinashushwa, kwa hiyo maandishi ya mtu huyo kwenye delivari noti ndiyo ushahidi pekee alionao mhasibu. Nikishasema hivyo, naona watu wanaanza kuitazama ile karatasi kwa namna nyingine.

Kisha tunachukua mfano. Duka liliagiza katoni 40 za sabuni. Gari limefika, dereva ana haraka, na ankara aliyokuja nayo inasema 40. Mhudumu anahesabu: zimeshushwa 37. Katoni moja kati ya hizo imelowa chini, pakiti zimevimba, haiuziki, na dereva anakubali kuirudisha. Dukani zimebaki 36.

Watu wengi hapo husaini na kumwambia dereva, "Tutaongea na ofisi yenu." Usisaini hivyo. Andika kwenye delivari noti, kwa maneno na tarakimu, dereva akiwa bado amesimama mbele yako: "Zimeshushwa 37. Moja imelowa, imerudishwa. Zimepokelewa 36, thelathini na sita." Andika tarehe, jina lako lote linalosomeka, na sahihi. Kisha dereva naye asaini pembeni ya maneno hayo, kwenye nakala yako na kwenye nakala yake. Nakala yake nayo ni muhimu, maana ikirudi kwa msambazaji ikiwa safi bila maandishi, wao watakuwa na karatasi inayosema 40 na nyinyi mtakuwa na inayosema 36, na mabishano yataanzia hapo. Dereva akikataa kusaini, andika kwamba amekataa, pamoja na saa, na umpigie msimamizi wako gari likiwa bado halijaondoka.

Kuna wale ambao hawakuhesabu kabisa kwa sababu mzigo ulikuwa umefungwa kwa nailoni juu ya paleti. Hao nawaambia waandike hivyohivyo: "Paleti 1 imepokelewa, katoni hazijahesabiwa." Si kinga kamili, kwa sababu wasambazaji wengi huweka muda mfupi wa kupokea malalamiko, kwa hiyo mzigo uhesabiwe mapema iwezekanavyo. Lakini ni afadhali kuliko sahihi inayodai umehesabu kitu ambacho hukukihesabu.

Sasa turudi kwenye ile ankara ya katoni 40. Hapa ndipo wahudumu makini zaidi huharibu kazi kwa nia njema. Wanachukua kalamu, wanakata 40, wanaandika 36, na wanapiga hesabu mpya chini. Naelewa kwa nini. Wanataka duka lilipe haki. Lakini ankara ni hati ya msambazaji. Kwenye vitabu vyake imeingia kwa namba ile na kwa jumla ile, na kalamu yako haiwezi kufika huko. Tukiiingiza kwetu kama 36 na yeye ana 40, kila mwisho wa mwezi stetimenti yake itaonyesha kwamba tunadaiwa katoni nne. Baada ya miezi mitatu hakuna anayekumbuka zimetoka wapi, na msambazaji anasimamisha oda zetu kwa deni lisilokuwepo. Pia panapotozwa kodi ya ongezeko la thamani, ankara iliyokatwakatwa inaweza kumletea mhasibu maswali pale anapodai kodi iliyolipwa kwenye manunuzi.

Njia sahihi ni kuacha kila kilichochapishwa kama kilivyo. Andika pembeni, mahali penye nafasi: "Zimepokelewa 36, angalia delivari noti," kisha namba yake, tarehe na sahihi yako. Bana ankara na delivari noti pamoja kwa stepla. Mhasibu ataingiza ankara kwa katoni 40 kama ilivyo, atazuia malipo ya katoni nne zilizopungua, na atamdai msambazaji krediti noti, yaani hati inayopunguza deni kwa katoni hizo. Krediti noti ikifika, 40 kutoa 4 zinabaki 36, na vitabu vya pande zote mbili vinasema kitu kimoja.

Neno "ikifika" lina uzito, kwa kuwa ndilo linalozaa kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote. Mhudumu anajiambia kwamba ankara ina tatizo, basi aikalie mpaka krediti noti ije ndipo azipeleke pamoja. Anaiweka kwenye droo ya kaunta. Msambazaji naye anachelewa. Wiki zinapita, yule mhudumu anabadilishiwa zamu au anaenda likizo, na ofisini hakuna anayejua kwamba ankara hiyo ipo duniani. Kama tumepewa siku 30 za kulipa, kwa kawaida zinahesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa kwenye ankara, si siku ilipotoka kwenye droo. Kwa hiyo ankara yenye tatizo ndiyo inayotakiwa kuondoka haraka zaidi. Ankara safi ikichelewa, tumechelewa kulipa. Yenye mgogoro ikichelewa, tumepoteza na nafasi ya kulalamika.

Kupeleka nako kuna utaratibu wake, na ni mwepesi. Kila siku jioni mtu mmoja anayejulikana anakusanya ankara zote na kuziorodhesha: jina la msambazaji, namba ya ankara, tarehe yake, na jumla. Orodha inaandikwa nakala mbili. Moja inaenda na bahasha, ya pili inarudi dukani ikiwa na sahihi ya aliyepokea. Kama mnatuma picha kwa simu, orodha ni ileile, na kila ankara iwe na faili lake, kurasa zote, pembe zote nne zikionekana. Ukurasa wa pili ndio husahaulika, na mara nyingi jumla iko huko.

Namba ya ankara iandikwe kama ilivyochapishwa, herufi kwa herufi. Nawaonyesha mfano huu kwenye kompyuta, kwa sababu maneno matupu hayatoshi. Ankara 04417 imeingizwa na kulipwa. Baada ya majuma mawili inakuja nakala yake kwa barua pepe, na mtu wa dukani anaiandika 4417 kwa kuona sifuri ya mbele haina kazi. Programu nyingi za uhasibu huzuia namba iliyokwisha kuingizwa kwa msambazaji yuleyule, lakini kwa programu 04417 na 4417 ni namba mbili tofauti. Haipigi kelele yoyote, na tunalipa mzigo mmoja mara mbili. Ndiyo maana nasisitiza pia mhuri wa NAKALA. Chochote kisicho karatasi ya kwanza iliyokuja na mzigo, iwe fotokopi, iwe iliyochapwa kutoka barua pepe, kigongwe mhuri kabla hakijaingia kwenye bahasha. Na proforma isiingie kabisa kwenye bahasha ya ankara. Hayo ni makadirio ya bei, hakuna deni lolote ndani yake.

Kuhusu faili za dukani sina maneno mengi. Duka libaki na nakala ya ankara na delivari noti yake, zikiwa zimebanwa pamoja, zimepangwa kwa jina la msambazaji na ndani yake kwa tarehe, mpya juu. Nimeona maduka yanayopanga kwa tarehe tu, na msambazaji akipiga simu mtu anapekua faili nzima. Mpigaji simu anataja jina lake kwanza, kwa hiyo faili nayo ianze na jina. Karatasi zile laini zinazochapwa kwa joto zitolewe fotokopi siku hiyohiyo, kwa sababu maandishi yake hufifia, na zikikaa karibu na dirisha au ndani ya plastiki hufifia upesi zaidi. Zenye mgogoro ziwe na faili lao la rangi tofauti, lipitiwe kila wiki, na hakuna kinachotoka humo mpaka krediti noti imepatikana.

Mwisho wa mwezi ndipo ninapowaomba kitu cha ziada. Tuseme mzigo umefika tarehe 29, umehesabiwa kwenye stoo tarehe 31, lakini ankara yake imeletwa tarehe 3 ya mwezi unaofuata. Bidhaa zimo kwenye hesabu ya stoo, deni lake halimo popote. Mwezi ule duka linaonekana limepata faida kubwa, na mwezi unaofuata linaonekana limeporomoka, wakati mauzo hayakubadilika hata kidogo. Msimamizi wa duka anaitwa kujieleza kwa jambo ambalo halikutokea, na hilo huniuma kila ninapoliona.

Dawa yake iko dukani. Siku ya mwisho ya mwezi, baada ya kuhesabu stoo, pitieni delivari noti zote za mwezi huo na mtoe zile ambazo bado hazina ankara. Ziorodhesheni kwenye karatasi ya peke yake: msambazaji, namba ya delivari noti, tarehe mzigo ulipofika, bidhaa na idadi iliyopokelewa kweli. Itumeni usiku huohuo. Mhasibu atachukua bei kutoka kwenye oda, azidishe kwa idadi yenu, na aingize deni la makadirio kwenye mwezi unaostahili. Ankara yenyewe ikija tarehe 3, iandikeni juu yake "Mzigo ulifika tarehe 29," ili alifute kadirio lake asije akaliandika deni lilelile mara ya pili.