Maswali na majibu: Kanuni ya nyumba ya ndoa hutafutwa wapi?

Barua nyingi zilizotufikia zinahusu jambo moja: ndoa imevunjika, nyumba ipo, na mke hakuwa na mshahara. Tumezijibu kwa kufuata swali analolitanguliza hakimu kabla ya mengine yote: kanuni ya jambo hili nitaisoma wapi?

Husemwa kwamba Kenya na Tanzania tunafuata sheria ya Waingereza. Sheria hiyo iko wapi? Kuna kitabu kimoja ninachoweza kununua? (Msomaji, Nakuru)

Hakuna kitabu hicho, na ndiyo maana watu wengi hupotea. Mfumo wa Kiingereza, ambao mawakili huuita komoni lo, ulijengwa na majaji hukumu baada ya hukumu. Ulipoletwa huku uliletwa kwa tarehe. Kwa Kenya ni 12 Agosti 1897 na kwa Tanganyika ni 22 Julai 1920. Mahakama iliruhusiwa kutumia kanuni za majaji wa Uingereza na sheria za jumla za Bunge lao zilizokuwapo siku hiyo, kadiri mazingira ya hapa yanavyoruhusu, na pale tu ambapo Katiba na sheria zetu wenyewe hazijasema.

Tazama jambo hili lilivyofanya kazi. Kwa miaka mingi Kenya haikuwa na sheria yake ya kugawa mali ya wanandoa. Mwaka 1971 jaji mmoja wa Mahakama Kuu akafuata utaratibu huo hadi mwisho, akakuta sheria ya Uingereza ya 1882 kuhusu mali ya wanawake walioolewa. Ilikuwapo kabla ya 1897, basi akaamua kwamba ni sheria ya Kenya pia. Kuanzia hapo mawakili wa Nairobi walilazimika kusoma hukumu za London ili kujua nyumba ni ya nani. Mwaka 2007 Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilishika njia hiyo hiyo na kusema kwamba mke asiyetoa fedha hapati sehemu kwa sababu tu alitunza nyumba, mpaka Bunge litakapobadili sheria. Bunge likabadili mwaka 2013. Sheria ya Mali ya Ndoa ikahesabu kazi za nyumbani na malezi ya watoto kuwa mchango, na ikaiondoa ile ya 1882 kwa kuitaja.

Kwa hiyo ukisoma hukumu ya Kenya ya kabla ya 2013 kuhusu mali ya ndoa, jiulize kwanza ilisimama juu ya sheria ipi. Nyingi kati yake zilijengwa juu ya msingi ambao leo haupo.

Nimeishi na mume wangu miaka 14, nikilea watoto na kutunza nyumba. Sikuajiriwa. Wakili amenitajia kesi ya mwanamke mwingine ya mwaka 1983. Kesi ya mtu mwingine inanihusu nini? (Msomaji, Tanga)

Inakuhusu kwa sababu ndani yake ndimo lilimowekwa jibu la swali ambalo sheria yenyewe haikulimaliza. Kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya 1971 kinaipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyopatikana kwa juhudi za pamoja za wanandoa, na kinaiagiza iangalie mchango wa kila mmoja wa fedha, mali au kazi. Je, kupika, kufua na kulea ni "kazi" ya namna hiyo? Majaji wa Mahakama Kuu waligawanyika. Wengine walisema ni wajibu wa mke na hauhesabiwi; wengine walisema unahesabiwa. Mahakama ya Rufani ilimaliza mzozo huo katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Seif, kwa kuuliza sheria ya 1971 ilitungwa kutibu dhuluma gani. Jibu lake: kazi za nyumbani ni mchango.

Hukumu ya Mahakama ya Rufani inazifunga mahakama zote za chini yake. Hakimu wa Tanga hana hiari ya kusema haikubali. Lakini kinachomfunga ni ile sababu iliyobeba uamuzi, si kila sentensi ya jaji. Mambo mengine ni maneno ya kando. Yanaweza kumshawishi hakimu, lakini hayamlazimishi.

Na hapa ndipo wengi wanapoteleza. Bi Hawa mwenyewe hakupata sehemu ya nyumba. Mahakama ilikubali kwamba kazi yake ni mchango, kisha ikaona kwamba mume alikuwa amempa fedha za mradi wa familia naye akazitapanya, na kosa hilo likaumeza mchango wake. Ukienda mahakamani na kusema "kesi ya Bi Hawa inanipa nyumba", wakili wa upande wa pili atafungua ukurasa huo. Kesi hiyo inakufungulia mlango. Kiasi utakachopata kitategemea ushahidi wako: mliishi wapi, nyumba ilijengwa mwaka gani, wewe ulifanya nini wakati huo, nani aliona. Andika mambo hayo kwa mfuatano wa miaka kabla hujaonana na wakili.

Kwa hiyo ni nusu kwa nusu? (Msomaji, Eldoret)

Hapana. Wengi walidhani Katiba ya 2010, inayowapa wanandoa haki sawa, ilikuwa imeamua hivyo. Mwezi Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Kenya, katika kesi inayojulikana kwa herufi za JOO dhidi ya MBO, ilisema usawa huo haumaanishi kugawa katikati kila mara. Kila mmoja athibitishe mchango wake. Mchango ukionekana kuwa sawa, mgawo utakuwa sawa.

Tulifunga ndoa ya serikali Lubumbashi. Huku hakuna anayeniuliza kazi za nyumbani. Wananiuliza tu tulichagua nini siku ya ndoa. Mbona tofauti na ndugu zangu wa Dar? (Msomaji, Lubumbashi)

Kwa sababu Kongo ilirithi mfumo wa Ubelgiji, nao Ubelgiji uliurithi kutoka Ufaransa ya Napoleon. Humo sheria imekusanywa katika vitabu vyenye ibara za nambari, na hakimu huanza na ibara. Kitabu chenu ni Sheria ya Familia ya 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa Julai 2016. Kinaweka njia tatu za mali kati ya mume na mke. Ya kwanza, kila mtu na mali yake. Ya pili, mlichokuja nacho kila mmoja kinabaki chake, na mlichochuma ndani ya ndoa ni chenu wote. Ya tatu, kila kitu ni cha wote. Wanandoa huchagua wanapofunga ndoa, na wasipochagua, sheria inawachagulia ile ya pili.

Ukishajua njia yenu, swali la nani alifanya kazi gani halina nafasi tena katika kuamua mali ni ya nani. Nyumba ikiwa imenunuliwa ndani ya ndoa kwa kipato cha ndoa, imo katika fungu la pamoja hata kama hati ina jina la mume peke yake. Ugomvi huhamia kwenye tarehe na chanzo cha fedha: ilinunuliwa kabla ya ndoa au baada? Ni urithi wa mmoja wenu? Kwa hiyo tafuta kwanza cheti chako cha ndoa na usome njia iliyoandikwa humo. Tumeona watu wakikusanya mashahidi kumi huku karatasi hiyo ikiwa imelala sandukuni.

Na hukumu za zamani? Zinasomwa, tena sana, ila haziwi sheria. Ibara ya 5 ya Kitabu cha Sheria za Kiraia cha Ufaransa inamkataza jaji kutoa kanuni ya jumla kupitia kesi iliyo mbele yake, na ibara ya 4 inamkataza kukataa kuamua kwa kisingizio kwamba sheria imenyamaza. Akibanwa kati ya makatazo hayo mawili, jaji huivuta ibara iliyopo mpaka ilifikie jambo jipya. Ndivyo Mahakama Kuu ya Rufani ya Ufaransa ilivyofanya mwaka 1930, ilipotumia maneno machache ya kitabu hicho cha mwaka 1804 kuhusu vitu mtu alivyo navyo mikononi mwake ili kumwajibisha mwenye gari lililomgonga mtoto. Mwaka 1804 hapakuwa na motokaa.

Sisi ni Waislamu wa Mombasa. Kadhi ataangalia kitabu gani, na je, nitapata sehemu ya nyumba? (Msomaji, Mombasa)

Kadhi huanza na Kurani, kisha Sunna ya Mtume, kisha ijmaa, yaani makubaliano ya wanazuoni, kisha kiyasi, yaani kulipima jambo jipya kwa jambo ambalo tayari lina hukumu na lina sababu sawa na yake. Lakini haanzi upya kila asubuhi. Pwani yetu inafuata madhehebu ya Shafi, na vitabu vya fikihi ya madhehebu hayo, kama Minhaji ya Imamu Nawawi, vimekwisha kuyapanga mambo mlango kwa mlango.

Katika fikihi hiyo ndoa haichanganyi mali. Cha mke ni cha mke, cha mume ni cha mume. Utadai mahari ambayo hayajalipwa, kwa kuwa ni deni, pamoja na masurufu ya eda kwa mujibu wa aina ya talaka. Kuhusu nyumba, kadhi atauliza kama ulitoa fedha, na ulizitoa kwa nia gani: mkopo, ushirika au zawadi? Hapa ndipo madai mengi huanguka, maana mke alitoa dhahabu yake iuzwe kwa ajili ya mabati na wala hapakusemwa neno. Ukiwa bado ndani ya ndoa, andika karatasi na uweke mashahidi.

Jambo jingine: kwa fikihi, kadhi hafungwi na hukumu ya kadhi mwenzake. Lakini kadhi wa Kenya yumo pia ndani ya jengo la Kiingereza. Ibara ya 170 ya Katiba inampa mambo ya hali ya mtu, ndoa, talaka na urithi tu, pale ambapo wahusika wote ni Waislamu na wamekubali kwenda kwake. Rufaa inakwenda Mahakama Kuu, na huko kuna hukumu zinazofunga.

Kama kanuni za mirathi zimo ndani ya Kurani kwa hesabu kamili, wanazuoni wanatofautiana kwa nini? (Msomaji, Lamu)

Kwa sababu kuna hesabu ambayo aya haziimalizi. Mwanamke amefariki bila mtoto wala mzazi, akaacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja, na mali ya shilingi milioni 42. Aya ya 12 ya Sura An-Nisaa inampa mume nusu: milioni 21. Aya ya 176 inawapa dada wawili theluthi mbili: milioni 28. Jumla ni 49, na mali ni 42.

Jambo hili lilimfika Khalifa Umar. Baada ya kushauriana na masahaba, kila fungu lilipunguzwa kwa uwiano: badala ya kugawa kwa sita, wakagawa kwa saba. Mume anapata tatu kati ya saba, milioni 18. Dada wanapata nne, milioni 24, kila mmoja 12. Hesabu hii inaitwa auli, na madhehebu manne ya Sunni yanaifuata. Ibn Abbas hakuikubali, na Mashia wa Jaafari hawaikubali mpaka leo: kwao mume anachukua 21 zake kamili na upungufu unawaangukia dada, wanaobaki na 21. Ndiyo maana kadhi, kabla ya kushika kalamu, huuliza marehemu alikuwa wa madhehebu gani.