Mashine ikisoma 1.83, zimua kwanza

Kila ninapokaa na wanafunzi wa maabara hapa Unguja kuzungumzia spektrofotomita, mashine inayopima mwanga unaofyonzwa na kimiminika, swali linalorudi ni hili: kwa nini tunachora ufyonzaji wa mwanga dhidi ya ukolezi, na si ule mwanga wenyewe unaopita? Ukilielewa jibu lake, utajua pia wakati gani usiiamini mashine.

Chukua kuveti, kile kichupa cha sampuli, yenye kina cha sentimita 1 na uigawe kwa mawazo katika tabaka nyembamba. Tuseme tabaka la kwanza linapitisha nusu ya mwanga. La pili halipokei mwanga wote ulioanza safari, linapokea hiyo nusu iliyobaki, nalo linapitisha nusu yake. Kwa hivyo unabaki na asilimia 50, kisha 25, kisha 12.5. Ukiongeza ukolezi mara mbili ni kama umeongeza tabaka mara mbili. Ndiyo maana mwanga unaopita ukichorwa dhidi ya ukolezi unatoa mstari uliopinda. Ukichukua logi ya mwanga ulioingia gawanya kwa uliotoka, kupinda kunaondoka:

A = log(I₀/I) = εlc

Hapa A ni ufyonzaji, I₀ ni mwanga ulioingia, I ni uliotoka, c ni ukolezi, l ni urefu wa njia ya mwanga ndani ya kuveti, na ε ni uwezo wa kemikali yenyewe kufyonza mwanga wa rangi uliyoichagua. Kutoka hapo, A ya 1 maana yake ni asilimia 10 tu ya mwanga imepita. A ya 2 ni asilimia 1. Iweke akilini hiyo asilimia 1.

Tuchukue chuma katika maji ya mfereji, yale mekundu yanayotoka mwanzo baada ya kulala usiku kucha ndani ya bomba lenye kutu. Kwanza unayachemsha kidogo na asidi ili kutu iyeyuke yote, kwa sababu vumbi linaloelea hutawanya mwanga na mashine hulihesabu kama rangi. Kisha unatia haidroksilamini ibadilishe chuma chote kiwe cha chaji mbili, bafa ya asetati, na fenanthrolini. Unasubiri dakika 10 hadi 15 rangi ya machungwa ikamilike, halafu unasoma kwenye nanomita 510. Sifuri ya mashine iwekwe kwa maji yaliyotoneshwa yaliyotiwa kemikali zilezile, si kwa maji matupu.

Tuseme viwango vyako, yaani miyeyusho uliyoitengeneza kwa chuma cha kipimo unachokijua, vya miligramu 0.5, 1, 2 na 3 kwa lita vimesoma 0.10, 0.20, 0.40 na 0.59. Mstari ni mzuri, kila miligramu moja ni karibu 0.20. Sasa sampuli inasoma 1.83. Wengi hugawanya hapohapo, wakapata 9.2, wakaandika.

Subiri. Kiwango chako cha mwisho ni 3, na huko juu hukupima kitu. Chukua mililita 10 za maji yale, uyajaze kwa maji yaliyotoneshwa hadi 50, kisha ndipo utie kemikali. Inasoma 0.46, yaani miligramu 2.3 kwa lita. Zidisha kwa 5, unapata 11.5.

Tofauti hiyo imetoka wapi? Kwa miligramu 11.5, A ilipaswa kuwa 2.3, yaani mwanga uliopita ni asilimia 0.5 tu. Lakini mashine ikiwa na mwanga wa kupotea wa asilimia 1, ule unaofika kwenye kipokezi bila kuwa na urefu wa wimbi uliouchagua, kipokezi kinaona karibu asilimia 1.5. Logi yake ni 1.83. Kwenye viwango vya chini asilimia hiyo moja haidhuru sana, kwa sababu mwanga halali ni mwingi.

Ipo sababu ya pili inayofanana nayo kwa sura: fenanthrolini kwisha. Kila chembe ya chuma hushika tatu za fenanthrolini, hivyo miligramu 1 ya chuma inakula karibu miligramu 10 zake. Ikipungua, chuma kinachozidi kinabaki bila rangi. Kuzitenganisha sababu hizi ni rahisi. Zimua sampuli ambayo tayari ina rangi, kwa maji yaliyotiwa bafa ileile, kisha uilinganishe na ile uliyoizimua kabla ya kutia kemikali. Zikikubaliana, tatizo lilikuwa mwanga. Ile ya rangi ikitoka chini, ujue kemikali haikutosha. Kwa hiyo mimi huzimua maji yenyewe kabla ya kemikali kila mara, maana njia hiyo huponya yote mawili.

Lenga usomaji uangukie kati ya 0.2 na 0.8, tena ndani ya viwango vyako. Na kwenye daftari andika 0.46 pamoja na "×5", si 11.5 peke yake, ili anayekukagua aone ulichokisoma.