Sensa ile ile, picha tofauti usiku

"Wakuu, simu yangu na ya kaka yangu zina sensa moja ya megapikseli 12. Mbona usiku ya kwake inatoa picha safi na yangu imejaa chenga?"

Mkuu, jambo hili sikulielewa hadi nilipolijaribu kwenye simu moja. Mwaka 2019 nilikuwa na simu yenye sensa ya Sony IMX363, ambayo imo pia katika Google Pixel 3. Kando ya kamera iliyokuja nayo, niliweka programu ya kamera ya Pixel iliyorekebishwa na wapenzi wa mambo haya, kisha usiku mmoja nikapiga banda la chipsi lenye balbu moja kwa programu zote mbili, nikiwa nimesimama pale pale.

Kamera ya simu yenyewe ilitegemea fremu moja, ikapunguza chenga kwa kuchanganya kila pikseli na jirani zake. Njia hiyo haitenganishi vizuri chenga na vitu vidogo vya kweli, hivyo maandishi ya kanga aliyojifunga mwenye banda yaliyeyuka kama nta. Ile nyingine ilipiga fremu fupi mfululizo, ikazipanga kipande kwa kipande ili kusahihisha mtikisiko wa mkono wangu, ndipo ikachukua wastani. Chenga hubadilika kila fremu, lakini herufi ya kanga hubaki ilipo. Ukijumlisha fremu 9, mwanga huongezeka mara 9 ilhali chenga huongezeka takriban mara 3 tu, kwa hiyo ikilinganishwa na mwanga, chenga hushuka hadi theluthi. Na kwa kuwa kila fremu ilikuwa fupi, hata waya wa balbu ulionekana.

Kinachotembea ndicho kinachoishinda njia hii. Nilipokuza picha niliona mkono wa muuzaji umejaa chenga, ilhali ukuta nyuma yake ni msafi kabisa. Programu ilikuwa imegundua kwamba mkono umehama, ikakataa kuuunganisha. Mimi naiona hiyo kuwa kazi makini, kwa sababu programu inayolazimisha kuunganisha humpa mtu mkono wa pili ulio kama kivuli.

Kabla ya kuilaumu programu, linganisheni lenzi: yenye f/1.8 huingiza mwanga mara moja na nusu ya yenye f/2.2, na tofauti hiyo huonekana usiku. Kisha wekeni simu zote mbili juu ya kitu kisichotikisika, mchague hali ya Pro, ISO na muda wa shata vilingane, na mhifadhi faili za DNG, yaani picha ghafi kabla programu haijazisafisha, za fremu moja. Zikifanana kwa chenga huku picha za JPEG za hali ya kawaida zikitofautiana, sensa yako haina kosa. Tafuta kamera iliyorekebishwa kwa ajili ya prosesa ya simu yako, maana isiyolingana nayo mara nyingi hujifunga au huharibu rangi.