Hitimisho linalorudia utangulizi: weka kamusi chini, funika ukurasa wa kwanza

"Wakuu, nina insha ya chuo ya maneno 1500: 'Kanuni za Michuki zilibadilisha sekta ya matatu kwa kiasi gani?' Msimamizi ameirudisha, ameandika pembeni kwamba hitimisho linarudia utangulizi na halina uamuzi. Kwenye utangulizi nimesema 'kanuni zilileta mabadiliko katika usalama na nidhamu lakini zikakumbwa na changamoto za utekelezaji'. Nataka kuliandika hitimisho upya kwa visawe, yaani 'mageuzi' badala ya mabadiliko, 'vizingiti' badala ya changamoto. Inatosha?"

Weka hiyo kamusi ya visawe chini, mdogo wangu. Isogeze mbali usiifikie. "Mageuzi" na "vizingiti" vitakurudisha kwa msimamizi yule yule na maneno yale yale pembeni, ila safari hii kalamu itakuwa imekandamizwa zaidi.

Nakwambia kwa sababu nilipita hapo hapo. Insha yangu ya mwisho wa muhula ilirudi na maoni kama yako, nikasoma "inarudia" nikaelewa kwamba maneno ndiyo yanajirudia. Nikaipeleka kwa jamaa mmoja wa saiba upande wa River Road, aliyekuwa amebandika karatasi mlangoni kwamba anachapa, anahariri na kung'arisha. Akaing'arisha kweli. Kila "muhimu" ikawa "adhimu", watu wakawa "wanajamii", na aya ya mwisho ikatoka na Kiswahili cha kumzika chifu. Nikalipa pesa ambayo ingenilisha wiki. Alama zikashuka kuliko za kwanza, na ukifikiria vizuri ilikuwa haki. Msahihishaji akikutana na hitimisho tupu mara ya kwanza anadhani hujui. Akikuonyesha kasoro kisha umrudishie ile ile ikiwa imepakwa rangi, anaona kwamba hujaisoma insha yako mwenyewe, na kuanzia hapo anatilia shaka hata aya zako nzuri.

Yule wa saiba simlaumu sana, alikuwa anatafuta riziki. Ninayemlaumu mpaka leo ni mwalimu mmoja wa tuisheni aliyetukaririsha: mwanzo waambie utakachosema, katikati kiseme, mwisho waambie ulichosema. Darasa zima tuliitikia. Ushauri huo unamfaa anayehutubia baraza, kwa kuwa msikilizaji hawezi kurudi nyuma, na pengine alikuwa anahangaika na mtoto. Msomaji wa maneno 1500 ameshika karatasi mkononi. Utangulizi ameusoma dakika chache zilizopita, na akiutaka tena atafungua ukurasa wa kwanza. Anapofika mwisho ana swali moja tu: baada ya ushahidi wote huu, umeamua nini? Nawe umeulizwa "kwa kiasi gani". Kusema mabadiliko yalikuwepo na changamoto zilikuwepo hakutaji kiasi chochote. Sentensi hiyo unaweza kuibandika kwenye insha ya kilimo cha majani chai na hakuna atakayeshtuka.

Kwa hivyo kanuni yangu ni moja, na ningeichora ukutani kama mwenye nyumba angeruhusu: sentensi yoyote ya hitimisho ambayo ungeweza kuiandika kabla hujaandika mwili wa insha, ifute. Ukitaka kuhakikisha, lichukue hitimisho lako ulibandike mahali pa utangulizi, kisha usome insha tangu mwanzo. Ikisomeka sawa bila kukwama, una utangulizi mara mbili na hitimisho hakuna. Lako, kwa visawe hivyo, litasomeka sawa.

Sasa funika utangulizi kwa karatasi. Usiutazame kabisa, kwa sababu ukiuona mkono utaunakili wenyewe. Soma mwili peke yake, na pembeni mwa kila aya uandike sentensi moja ya kile ambacho aya hiyo imethibitisha. Usiandike mada. "Vidhibiti mwendo" ni mada. "Vidhibiti mwendo vya kilomita 80 kwa saa vilifungwa, lakini vingine vilichezewa ili gari likimbie" ndilo jambo lililothibitishwa. Tofauti ni kwamba ya pili mtu anaweza kubishana nawe, ya kwanza hawezi.

Mwili wa insha yako sijauona, lakini kwa swali hilo nadhani orodha yako itakaribiana na hii. Februari 2004, kanuni za John Michuki, aliyekuwa waziri wa uchukuzi, zilipoanza, magari mengi yalitoweka barabarani na watu wa Nairobi wakatembea kwa miguu kwenda kazini. Matatu za abiria 14 zikabeba 14 kweli, hakuna kusimama wala kuning'inia mlangoni, kisha baada ya muda jioni zikaanza tena kushona watu pale ambapo polisi hayupo. Mikanda ikafungwa kwenye viti, ila abiria wengi huigusa tu wakiona kizuizi mbele. Vidhibiti mwendo nimeshavitaja. Mstari wa manjano ukapakwa ubavuni na upo hadi leo, hata pale ambapo michoro ya nganya imeubana. Sare, buluu ya dereva na maruni ya makanga, nazo zipo.

Zitazame hizo sentensi pamoja. Hazisemi kitu kimoja. Mambo mengine yalidumu, mengine yalififia. Hapo ndipo hitimisho linapozaliwa, kwa sababu utangulizi wako haukulijua hilo. Ulisema tu kwamba kulikuwa na hiki na kile. Jiulize: yaliyodumu na yaliyofifia yanatenganishwa na nini?

Jibu la kwanza litakalokujia ni kwamba kilichofanywa mara moja kilidumu, na kile kinachohitaji utii wa kila siku kilififia. Mstari unapakwa siku moja, basi. Idadi ya abiria inabidi iheshimiwe kila safari. Ni zuri, utajisikia profesa, na wengi wangelala hapo. Lakini lirudishe kwenye orodha yako uone kama kuna kinacholikataa. Kipo: sare. Makanga huivaa kila asubuhi, na bado anaivaa. Kwa hivyo suala si mara moja au kila siku.

Usiifute sare kwenye insha ili hukumu yako ipendeze. Nimeona watu wakifanya hivyo, na msahihishaji huliona lile shimo mara moja. Iache ikusahihishe. Sare inatofautianaje na abiria wa ziada? Kuivaa hakumpunguzii makanga hata shilingi. Abiria wa kumi na tano anamwongezea. Dereva na makanga wana hesabu ya kumpelekea mwenye gari kila jioni, na kinachozidi hapo ndicho chao. Kubeba watu wa ziada kunaleta pesa, na kukimbia kunaleta safari zaidi, nazo ni pesa. Kuvua sare hakuleti kitu. Kufuta mstari wa manjano hakuleti kitu, zaidi ya kukamatwa. Sasa una kitenganishi kinachobeba ushahidi wote: kanuni zilidumu pale ambapo kuzivunja hakukuwa na faida, na zilififia pale ambapo hesabu ya jioni ilimlipa anayezivunja.

Mikanda ni kesi ya katikati, maana asiyeifunga ni abiria na yeye hapati faida ya pesa. Itaje hivyo hivyo, kwamba hapo maelezo yako hayafiki vizuri. Sentensi moja inatosha. Hukumu inayokiri mpaka wake huaminika kuliko inayodai kueleza kila kitu kuanzia Rongai hadi Githurai.

Ningeliandika hivi, na usininakili, msimamizi wako pia ana intaneti:

"Kanuni za mwaka 2004 ziliibadilisha matatu kama gari kuliko zilivyoibadilisha kama biashara. Mstari wa manjano na sare vimedumu kwa sababu kuvikaidi hakumwongezei mtu mapato, ilhali mipaka ya abiria na mwendo ililegea kwa kuwa hesabu ya kila siku ilimlipa anayeikiuka. Suala la mikanda halielezwi kikamilifu na hoja hii, kwa sababu anayeipuuza ni abiria. Hata hivyo, pale ambapo pesa ilihusika, mageuzi yalidumu kwa muda ambao polisi alisimama barabarani, na ndiyo maana athari ya kanuni hizi ni ya kiasi: kubwa kwenye sura ya gari, ndogo kwenye uendeshaji wake."

Libandike hilo mahali pa utangulizi uone. Linakwama papo hapo. Msomaji atauliza hesabu gani, imelegea lini, mikanda imeingiaje hapa. Ndivyo linavyotakiwa kukwama.

Tahadhari, kwa sababu najua kitakachofuata, nami nilikiangukia nilipojaribu kuandika hukumu kwa mara ya kwanza. Hesabu ya mwenye gari haiwezi kuzuka kwenye aya ya mwisho. Ikiwa mwili wako haujaitaja, rudi ukaiweke kwenye aya ya mwendo au ya abiria, ieleze inavyofanya kazi, halafu hitimisho liitumie. Hukumu ni mpya, ushahidi si mpya. Ukichomeka ushahidi mwishoni umeanza insha nyingine na umeiacha ikiwa na aya moja.

Na ukiona kidole kinaandika "Serikali inapaswa kuhamasisha umma", kipige kidole. Hukuulizwa serikali ifanye nini. Uliulizwa kiasi gani. Pendekezo la aina hiyo ni njia ya heshima ya kukwepa kuamua, na yule mwalimu wangu wa tuisheni alilipenda sana, alituambia linaongeza alama. Alama za nani, sijui.

Ukimaliza, ondoa ile karatasi uliyofunikia utangulizi, uusome upya. Utauona umelegea, maana sasa unajua zaidi ya ulivyojua ulipouandika. Urekebishe ili uulize kile ambacho hitimisho linajibu: kwa nini baadhi ya kanuni zilidumu na nyingine zikalegea? Usilipeleke jibu huko mbele lote, la sivyo tutarudi tulikotoka kwa mlango wa nyuma. Kisha ubandike hapa aya zote mbili, utangulizi na hitimisho, nizisome. Nikikuta "vizingiti" nafunga simu.