PD-L1 asilimia 40: namba hii inahesabu nini?

Swali: Shikamoo daktari. Baba ana saratani ya mapafu iliyosambaa, siyo ile ya seli ndogo. Ripoti ya kinyama imeandikwa "PD-L1 TPS 40%". Je, ina maana dawa ya kinga itamsaidia kwa asilimia 40? Na mbona tumeambiwa asipewe peke yake, bali pamoja na kemo?

Jibu: Marahaba, na pole kwa kuuguza. Hapana, hiyo siyo nafasi ya kupona. Ni hesabu ya seli tu.

PD-L1 ni protini inayokaa kwenye utando wa seli. Seli ya saratani huitumia kuzizima seli za kinga zinazokuja kuishambulia, na dawa za kinga kama pembrolizumab huzuia uzimaji huo. Sisi maabara tunakipaka kinyama kingamwili inayoacha rangi ya kahawia palipo na PD-L1, kisha tunahesabu kwa hadubini: katika seli hai za saratani, ngapi zina rangi kwenye utando, hata kama ni hafifu au haijazunguka seli yote? Seli zisipofika 100, sampuli haitoshi kutoa jibu.

Chukua mfano wa seli 200 za saratani, 80 zikiwa na rangi. Hiyo ndiyo TPS ya 40%. Kasheshe ni makrofaji, seli za kinga zinazojaa mapafuni na ambazo nazo hushika rangi. Msomaji akichanganya 40 kati yake na seli za saratani, hesabu inakuwa 120 kwa 240, yaani 50%, na mgonjwa amehamia kundi lingine la matibabu bila uvimbe wake kubadilika hata kidogo.

Hiyo 50 ndiyo mpaka unaowahusu. Kuanzia hapo, pembrolizumab peke yake imeonyesha kuwapa wagonjwa maisha marefu kuliko kemo, ingawa hata kwao uvimbe hausinyai kwa kila mtu. Kati ya 1 na 49, Marekani inaruhusu itumike peke yake, Ulaya hairuhusu kama tiba ya kwanza, na madaktari wengi huongeza kemo kwa sababu faida ya dawa hiyo pekee hapo ni ndogo. Ikiunganishwa na kemo, hata mwenye sifuri anaweza kupewa. Kwa hiyo baba hajakataliwa dawa.

Ulizeni kinyama kilitolewa wapi. Kikitoka kwenye mfupa na kulainishwa kwa asidi, rangi inaweza kufifia na namba ikashuka kwa uongo. Uvimbe wenyewe pia hauna rangi sawa kila mahali, na sindano huchota kona moja tu.

La mwisho, na kwangu ndilo la haraka zaidi: je, vipimo vya EGFR na ALK, yaani vya mabadiliko ya jeni ndani ya seli za saratani, vimerudi? Kimojawapo kikiwa chanya, vidonge vinavyolenga badiliko hilo hutangulia, hata PD-L1 ingesoma 90. Msianze dawa ya kinga kabla ya majibu hayo, kwa sababu baadhi ya vidonge hivyo vikifuata karibu baada yake huongeza hatari ya madhara makali, mapafu yakiwemo.